Risiti, Muamala na Daftari la Kodi: Namna ya Kufanya Hesabu Zikubaliane

Kodi ya chumba inapolipwa sehemu kwa fedha taslimu na sehemu kwa simu, ugomvi baina ya mwenye nyumba na mpangaji aghalabu hautokani na udanganyifu. Hutokana na malipo yaleyale kuandikwa mara mbili, au kutoandikwa kabisa.

Chukulia mpangaji wa chumba namba 3, ambaye kodi yake ni shilingi 60,000 kwa mwezi, hulipwa miezi mitatu kwa mkupuo. Tarehe 1 Julai mwenye nyumba anafungua ukurasa wa chumba hicho na kuandika deni la shilingi 180,000. Deni huandikwa kwanza, kabla ya kupokea chochote. Tarehe 3 mpangaji anatuma shilingi 100,000 kwa simu ya dada yake, na tarehe 20 analeta shilingi 50,000 mkononi. Baki halali ni shilingi 30,000. Hata hivyo, daftari linaonyesha kuwa mpangaji amezidisha shilingi 70,000.

Kosa lilitokea tarehe 5. Mwenye nyumba alizitoa zile 100,000 kwa wakala, akamkabidhi binti yake anayetunza daftari, naye akaziandika kuwa fedha taslimu. Kumbe zilikwisha kuandikwa siku zilipoingia kwenye simu. Kutoa fedha kwa wakala si malipo mapya. Ni fedha ileile iliyohama kutoka kwenye simu kwenda mfukoni. Makato ya wakala nayo hayaongezi deni la mpangaji, ila kama walikubaliana hivyo tangu mwanzo.

Kosa hili hugundulika upesi endapo kila mstari wa malipo katika daftari una namba ya risiti. Katika mfano huu mistari ni mitatu, ilhali vishina vya risiti ni viwili. Mstari usio na risiti ndio wa kuchunguzwa.

Risiti hukatwa hata kwa malipo ya simu. Juu yake huandikwa kumbukumbu namba ya muamala kama ilivyo katika ujumbe, herufi kwa herufi, pamoja na chumba na miezi inayolipiwa. Jina la mtumaji lisipokuwa la mpangaji, kama la yule dada, yote mawili yaandikwe. Vinginevyo baada ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka fedha hizo zilikuwa za nani. Ujumbe wa simu peke yake hautoshi, kwa kuwa hufutika, na hautaji chumba.

Mwisho wa mwezi, malipo ya simu yaliyomo daftarini hulinganishwa na taarifa ya miamala, na ya taslimu na vishina. Mstari wenye kosa hukatwa kwa kalamu mara moja, ukiwa bado unasomeka, na pande zote mbili hutia saini kando yake. Risiti iliyoharibika haichanwi: huandikwa “imefutwa” na kubaki kitabuni pamoja na nakala yake, ili mfuatano wa namba usikatike.