Ukiitoa Feni, Wanabaki Ndege

Msimu wa utafiti ukifika, wenzangu wa sosholojia na historia huniletea rekodi zao za mahojiano na ombi moja tu: "Hebu tutolee hiyo feni." Mara nyingi mhojiwa amekaa sebuleni, feni inazunguka, simu iko mezani mbali naye, na maneno yamefunikwa na mvumo. Njia ninayoanza nayo ni utoaji wa spektra, ambayo Steven Boll aliieleza katika makala yake ya mwaka 1979. Ni njia nyepesi, ila ina tabia moja ambayo mtafiti anapaswa kuijua kabla ya kuanza kunukuu.

Kwanza rekodi inakatwa vipande vifupi, tuviite fremu. Kwa rekodi ya sampuli 16,000 kwa sekunde, natumia fremu za sampuli 512, yaani milisekunde 32, na kila fremu inaingiliana nusu na inayofuata. Hesabu ya Fourier inaigawa kila fremu katika ngazi 257 za masafa, toka sauti nzito hadi nyembamba, na kuonyesha nguvu iliyopo kwenye kila ngazi. Halafu natafuta sekunde moja ambayo hakuna anayeongea, inasikika feni peke yake, na kupata wastani wa nguvu ya kila ngazi. Wastani huo ndio ninaoutoa kwenye kila fremu, mwanzo hadi mwisho. Jibu likiwa hasi naweka sifuri, kisha naziunganisha fremu upya.

Ukisikiliza sasa, mvumo umekwisha, lakini nyuma ya msemaji kuna vijisauti vinavyolia na kukatika, kama ndege wa chuma wanaodonoa bati. Wataalamu huziita kelele za kimuziki. Zimetoka wapi, wakati chumbani hapakuwa na ndege?

Zimetoka kwenye ule wastani. Sikio linasikia feni kama mvumo mmoja uliotulia, lakini ndani ya kila ngazi nguvu inapanda na kushuka fremu hadi fremu. Tuseme ngazi moja ina wastani wa 100, na katika fremu tano nguvu halisi ya feni ni 40, 310, 90, 20 na 180. Toa 100 kila mahali: unabaki na 0, 210, 0, 0 na 80. Hicho kilichobaki ni mlio mfupi wa sauti moja, umezungukwa na ukimya pande zote. Kwa kelele ya nasibu kama upepo wa feni, karibu asilimia 37 ya ngazi huzidi wastani wao katika fremu yoyote. Kati ya ngazi 257, hizo ni kama 95, na fremu inayofuata zinakuwa nyingine. Ndiyo maana inalia hapa, inazima, inalia pale.

Mwaka huohuo wa 1979 Berouti, Schwartz na Makhoul walitoa dawa yenye sehemu mbili. Toa zaidi ya wastani, kwa mfano mara nne, na usiiache ngazi yoyote ishuke hadi sifuri. Bakiza sakafu ndogo ya kelele. Kwa mara nne, ngazi zinazoponyoka zinapungua hadi kama tano kwa fremu, na sakafu inajaza mashimo kati yake ili zisijitokeze. Katika Python, `S` ikiwa ni spektra ya fremu zote na fremu 60 za mwanzo zikiwa za feni tupu:

```python
P = np.abs(S)**2
N = P[:, :60].mean(axis=1, keepdims=True)
P2 = np.maximum(P - 4*N, 0.02*N)
Y = np.sqrt(P2) * np.exp(1j*np.angle(S))
```

Hapa ndipo penye hatari. Irabu ina nguvu nyingi: ikiwa 2,500 kwenye ngazi yetu, ukitoa 400 bado unayo 2,100. Lakini sauti ya *h* ni pumzi tu, inafanana na feni yenyewe. Ikifika 350 pamoja na kelele, inamezwa yote. Mzee amesema "hakubali kuuza shamba", wewe unasikia "akubali kuuza shamba". Kwa Kiswahili, *h* moja imebeba ukanushi mzima.

Kwa hiyo nikirudisha faili iliyosafishwa, nairudisha pamoja na ya asili. Iliyosafishwa ni ya kupunguza uchovu wa masikio wakati wa kunukuu. Kila penye *ha-* au *a-* mwanzoni mwa kitenzi, rudi kwenye ile yenye feni, sikiliza mara mbili. Na ukisikia ndege, usikimbilie kuongeza mara nne iwe mara nane. Ongeza sakafu kwanza, kutoka 0.02 hadi 0.05. Mvumo kidogo utarudi, lakini *h* haitapungua zaidi.