Mzazi Anapokaribia Kustaafu: Barua ya Kuomba Mchanganuo wa Kiinua Mgongo na Pensheni

Wengi wetu tuliopo Maskati, Dubai, Doha au London tuna mzazi nyumbani ambaye ni mwalimu, muuguzi au karani wa serikali, na mwaka wake wa kustaafu umefika. Simu zinaanza hivi: "Mwanangu, mwakani napata kiinua mgongo kama milioni tisini. Wewe nitumie hela ya msingi wa nyumba, mimi nitamalizia." Mtoto anatuma. Mzazi naye anakopa kidogo hapa na pale, akijua mafao yatalipa. Siku pesa zinapoingia benki, zinakuta milioni hamsini na kitu.

Hapo si lazima kuwe na wizi. Mara nyingi mzazi alisikia hesabu ya mwenzake aliyestaafu zamani, na yeye mwenyewe hakuwahi kuomba hesabu yake kwa maandishi. Somo la leo ni barua hiyo: iandikweje, ipitie wapi, na jibu likija ulikague vipi kwa kikokotoo cha simu yako. Tunazungumzia watumishi wa umma wa Tanzania Bara walio chini ya PSSSF. Zanzibar na Kenya wana kanuni zao na namba zao, usizichanganye na hizi.

Milioni tisini zilitoka wapi?

PSSSF ilianza mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne: PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Walimu wengi walikuwa PSPF. Mtumishi wa PSPF aliyestaafu kabla ya Julai 2022 alikokotolewa kwa kanuni ya zamani, na alichukua nusu ya pensheni yake kwa mkupuo. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 kanuni ikawa moja kwa wote, na mkupuo ukawa asilimia 33. Kelele zikawa nyingi, na katika bajeti ya 2024/2025 serikali ikapandisha: waliokuwa kundi la asilimia 50, yaani PSPF na LAPF, wakapelekwa asilimia 40, na wale wengine asilimia 35.

Kwa hiyo jirani aliyestaafu mwaka 2021 hasemi uongo akikwambia alipata nyingi. Ila hesabu yake si hesabu ya mama yako.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyeajiriwa tarehe 1 Julai 1992 na anayestaafu tarehe 30 Juni 2026 akiwa na miaka 60. Ametumikia miaka 34, ambayo ni miezi 408.

Kinachofuata ni mshahara. Hawachukui mshahara wa mwezi wa mwisho peke yake, wanachukua wastani wa miaka mitatu yenye mshahara mzuri zaidi. Kwa wengi ni mitatu ya mwisho. Mwalimu wetu alilipwa 1,150,000 kwa mwezi, mwaka uliofuata 1,200,000, na mwaka wa mwisho 1,275,000. Zidisha kila moja kwa 12, jumlisha, gawa kwa tatu. Unapata wastani wa shilingi 14,500,000 kwa mwaka. Hiyo ni mishahara ya msingi kabla ya makato. Posho hazimo.

Sasa gawa 14,500,000 kwa 580. Unapata 25,000. Zidisha kwa miezi 408. Unapata 10,200,000. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka, na kila kitu kinakatwa kutoka hapo.

Kiinua mgongo, yaani mkupuo: 10,200,000 × 12.5 × 40% = 51,000,000.

Pensheni ya mwezi: asilimia 60 iliyobaki, gawa kwa 12. Yaani 10,200,000 × 60% ÷ 12 = 510,000.

Ukimkokotolea mwalimu huyuhuyu kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mkupuo unakaribia milioni tisini, na pensheni ya mwezi inakuwa kama 480,000. Umeona zile milioni tisini zilikotoka. Umeona pia kwamba pensheni ya mwezi kwa kanuni ya sasa ni kubwa kidogo kuliko ile ya zamani.

Mahali hesabu inapoharibikia: miezi

Mshahara ni rahisi kukagua kwa sababu upo kwenye hati za malipo. Miezi ndiyo inayoponyoka, hasa kwa walioajiriwa kabla ya Julai 1999.

Sababu ni hii. Kabla ya mwezi huo mtumishi wa serikali kuu hakuwa anakatwa mchango wa pensheni, serikali yenyewe ilibeba. Michango ya PSPF ilianza Julai 1999. Sasa mama akifungua taarifa yake ya michango anaona inaanzia 1999, na ukihesabu mpaka Juni 2026 ni miezi 324 tu. Ile miezi 84 ya mwanzo haina michango, lakini ni utumishi halali na inahesabiwa. Ushahidi wake ni barua ya ajira ya kwanza. Kama barua hiyo haimo kwenye jalada, au tarehe imeandikwa vibaya, mtu anaweza kukokotolewa kwa miezi 324.

Angalia inavyouma. Kwa mwalimu wetu kila mwezi mmoja una thamani ya shilingi 125,000 kwenye mkupuo na 1,250 kwenye pensheni ya kila mwezi. Zidisha kwa 84. Mkupuo unapungua 10,500,000, unabaki 40,500,000. Pensheni inapungua 105,000, inabaki 405,000, na itaendelea kuwa pungufu kila mwezi.

Miezi mingine hupotea mtu anapohama halmashauri, mwajiri mpya akachelewa kupeleka michango, au ikaingizwa kwenye namba ya mtu mwingine. Hiyo utaigundua kwa kuangalia taarifa ya michango mwezi kwa mwezi na kutafuta mapengo. Mzazi anaweza kuiona kwenye PSSSF Kiganjani au akaiomba ofisi ya mkoa.

Barua yenyewe

Barua anaandika na kusaini mstaafu mtarajiwa mwenyewe. Wewe mtoto huwezi kumwandikia kwa jina lako, hata kama ndiye unayelisha nyumba. Unachoweza ni kumtumia mfano huu kwa wasapu akaunakili. Ipitie kwa mwajiri, kwa sababu mwajiri ndiye mwenye jalada la utumishi.

> Jina kamili: ……………
> Namba ya hundi: ……………
> Namba ya uanachama: ……………
> Shule ya Msingi ……………
> Tarehe: ……………
>
> Mkurugenzi Mkuu,
> PSSSF,
> Dodoma.
>
> Kupitia kwa: Mkurugenzi Mtendaji,
> Halmashauri ya Wilaya ya ……………
>
> YAH: KUOMBA MCHANGANUO WA MAANDISHI WA MAFAO YA MKUPUO NA PENSHENI YA KILA MWEZI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni mtumishi wa umma, mwalimu, niliyeajiriwa tarehe 1 Julai 1992. Natarajia kustaafu kwa lazima tarehe 30 Juni 2026. Kabla ya kuunganishwa kwa mifuko nilikuwa mwanachama wa PSPF.
>
> Naomba kupatiwa kwa maandishi mchanganuo wa mafao yangu unaoonyesha:
>
> 1. Idadi ya miezi ya utumishi iliyotumika, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Naomba ionyeshwe kama kipindi cha kabla ya Julai 1999 kimejumuishwa.
> 2. Mishahara ya miaka mitatu iliyotumika na wastani wake.
> 3. Asilimia ya mkupuo iliyotumika.
> 4. Kiasi cha mkupuo na kiasi cha pensheni ya kila mwezi.
> 5. Makato yoyote yatakayofanyika, na sababu zake.
>
> Naambatisha nakala za barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya mwisho ya kupandishwa cheo, hati ya mshahara ya karibuni na kitambulisho cha taifa.
>
> Naomba kuwasilisha.
>
> Sahihi: ……………
> Namba ya simu: ……………

Uzito wa barua uko kwenye zile namba tano. Ukiuliza tu "nitapata shilingi ngapi", utajibiwa namba moja ambayo huwezi kuikagua. Ukiuliza miezi, mishahara na asilimia, umepata vipande vyote vya hesabu, na hata ukiwa umekaa chumbani kwako Riyadh saa nne usiku baada ya kazi unaweza kuirudia mwenyewe.

Mama atoe nakala mbili. Moja inabaki masjala, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, arudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, akifuatilia baadaye ataambiwa barua haijaonekana. Apige picha akutumie, na wewe uitunze. Afanye hivyo angalau miezi sita kabla ya kustaafu, kwa sababu kutafuta barua ya mwaka 1992 kwenye majalada ya wilaya si kazi ya siku moja.

Jibu likija

Anza na miezi. Hesabu mwenyewe kutoka tarehe ya ajira ya kwanza mpaka tarehe ya kustaafu. Ikilingana, nenda kwenye mishahara, uhakikishe kupandishwa cheo kwa mwisho kumeingia kwenye mshahara uliotumika. Halafu asilimia: aliyetoka PSPF au LAPF akiwekewa 35 badala ya 40, aulize. Mwisho fanya hesabu: gawa wastani kwa 580, zidisha kwa miezi, na uendelee kama tulivyofanya juu.

Ukikuta tofauti, barua ya pili iwe fupi na itaje kitu kimoja tu. Kwa mfano: "Mchanganuo umetumia miezi 324. Barua yangu ya ajira ya tarehe 1 Julai 1992 inaonyesha miezi 408. Naomba marekebisho." Aambatishe nakala ya ajira tena.

Mpaka jibu lipatikane, usitume hela ya ujenzi kwa kutegemea kiinua mgongo. Na mzazi asikubali mkopo wa kausha damu wa mtu anayemwambia "mafao yako ni milioni tisini, chukua ishirini sasa hivi, niachie kadi ya benki". Huyo mkopeshaji hajaona jalada lake. Kama mkupuo ni milioni 51, au 40 kwa sababu ya miezi iliyopotea, deni litabaki lilelile, na kadi iliyoko kwa mkopeshaji ndiyo itakayomeza ile pensheni ya laki tano kila mwezi.

Wiki hii ukipiga simu nyumbani, baada ya shikamoo uliza swali moja: "Mama, barua yako ya ajira ya kwanza iko wapi?" Akisema haikumbuki ilipo, mshirikiane kuitafuta hiyo kwanza.