Ukikuta nyuzi za damu kwenye nepi: vidokezo kwa mama anayenyonyesha

Mtoto ana wiki sita. Ananyonya vizuri, uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda, akichezewa anacheka. Unafungua nepi asubuhi, unakuta choo cha manjano kama siku zote, ila leo kina ute, na ndani ya ute mna vijiuzi vyekundu viwili vitatu. Hapa Chikongola hujamaliza kuifua hiyo nepi, wenye nyumba wameshatoa hukumu: mchango huo, zitafutwe dawa za mizizi. Hiyo mizizi iwekeni kando. Huenda ni mzio, yaani aleji, wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Mama anakunywa maziwa, protini kidogo inapita hadi kwenye ziwa lake, na utumbo mpana wa mtoto unaikataa. Huenda pia si hilo, ndiyo maana orodha hii haianzii jikoni.

1. Mwangalie mtoto kwanza, damu baadaye.
Mtoto mwenye mzio wa aina hii kwa kawaida ni mzima kabisa: hana homa, ananyonya, anakua. Akiwa na homa, amelegea, amekataa ziwa, anatapika nyongo, au tumbo limevimba na kukaza, usingoje kupambazuka. Mpeleke Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa. Vivyo hivyo akiwa analia kwa vipindi huku akikunja miguu, kisha anatulia, kisha anaanza tena, na choo kinatoka kama rojo jekundu. Hapo utumbo unaweza kuwa umeingiana, na kila saa ina thamani. Damu nyingi, choo cheusi kama lami, au mtoto mchanga aliyezaliwa nyumbani na hakuchomwa sindano ya vitamini K: hao nao ni wa kukimbizwa. Hata kama haya yote hayapo, mtoto aonwe zahanati au kituo cha afya. Kuhara damu kwa vijidudu kupo, na kuna dawa zake.

2. Tafuta damu inakotoka.
Kagua chuchu zako. Zikiwa na michubuko, mtoto anaweza kuwa anameza damu yako. Kagua njia yake ya haja, taratibu, kwenye mwanga: mpasuko mdogo huacha damu juu ya choo, haichanganyiki na ute. Piga picha ya nepi kwa simu. Mganga akiiona ataelewa haraka kuliko maelezo ya mdomo, kwa sababu nepi uliyoibeba toka asubuhi huwa imeshabadilika rangi.

3. Jiulize: maziwa nayanywa kweli?
Swali hili lina uzito wa pekee kwa pwani yetu. Mama anayekula ugali kwa samaki mchana, wali wa nazi usiku na chai ya rangi asubuhi hana sababu ya kuyashuku maziwa kabla ya mengine. Lakini mzazi hutunzwa, na katika kutunzwa huko chai ya maziwa asubuhi na jioni huingia, na uji wa maziwa, na kopo la maziwa ya unga lililoletwa na wifi. Uliza pia, bila kugombana, kama bibi hajamwonjesha mtoto maziwa ya ng'ombe au ya kopo ulipokwenda sokoni. Yakipita mdomoni mwake moja kwa moja, protini ni nyingi zaidi kuliko ile inayopitia kwako.

4. Ukiacha, acha yote.
Kama damu ni chembe na ilionekana mara moja tu, mganga anaweza kukwambia usubiri, maana kwa watoto wengi hukoma yenyewe. Ikiendelea, acha maziwa kwa wiki mbili hadi nne: maziwa fresh, ya unga, mtindi, siagi, samli, jibini, aisikrimu. Kuyachemsha sana hakuyasafishi kiasi cha kutosha. Maziwa ya mbuzi nayo hayafai, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Yanayowaponyoka wengi ni yaliyojificha: mkate wa maziwa, skonsi, biskuti, keki, chokoleti, maandazi yaliyokandwa kwa maziwa, biriani iliyotiwa mtindi. Soma pakiti, kaseini na wei ni maziwa kwa jina jingine. Tui la nazi halimo katika marufuku hii hata kidogo, endelea nalo.

Damu mara nyingi hupungua ndani ya siku chache, lakini inaweza kuchukua wiki mbili. Andika kwenye daftari: siku, ulichokula, choo kilivyokuwa.

5. Usijinyime kila kitu.
Nimeshasikia akina mama walioacha maziwa, mayai, samaki, karanga na korosho kwa siku moja. Wakabaki na ugali na mchicha, wakakonda, na damu ilipokoma hawakujua imekomeshwa na nini. Acha kimoja. Kama wiki nne zimepita bila nafuu, rudi kwa mganga. Pengine ni soya, ambayo huwamo kwenye unga wa uji wa lishe, au ni mayai. Anayenyonyesha anahitaji kama miligramu 1,000 za madini ya chokaa kwa siku, na maziwa yakitoka lazima kitu kiingie mahali pake. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ndio jibu letu la karibu. Ongeza majani ya kunde na kisamvu. Kama huli vizuri, omba vidonge vya kalsiamu kliniki.

6. Rudisha maziwa makusudi.
Hapa ndipo wengi wanapogoma, na ndipo penye jibu. Mwaka 2006 watafiti wa Ufini walichapisha matokeo ya watoto wachanga 40 waliokuwa wakitoka damu njia ya haja. Waliothibitika kuwa na mzio wa maziwa walikuwa asilimia 18 tu. Kwa hiyo kukoma kwa damu peke yake hakuthibitishi kitu.

Tuseme yule mama wa wiki sita aliacha maziwa Jumatatu. Ijumaa nyuzi za damu hazipo tena. Baada ya wiki tatu anarudi kwenye vikombe vyake viwili vya chai ya maziwa, kila siku, kwa wiki moja hivi. Siku ya tatu ute na nyuzi zikirudi, ni maziwa, aache tena. Wiki ikipita choo kikiwa safi, anywe chai yake kwa amani. Jaribio hili ni la mtoto ambaye dalili yake ilikuwa damu tu. Aliyewahi kuvimba uso, kutoka vipele vya ghafla au kutapika mfululizo hadi kulegea, lifanywe chini ya macho ya daktari.

7. Hesabu hadi mwaka mmoja.
Mzio ukithibitika, kaa bila maziwa hadi mtoto afikishe miezi tisa hadi kumi na miwili, na uji wake wa miezi sita usitiwe maziwa. Kisha jaribuni tena kwa ushauri wa kliniki. Wengi huwa wameshapona wakifikisha mwaka. Damu ikiwa ilidumu, omba apimwe wingi wa damu.

Na wewe baba, kabla hujapita dukani kununua kopo ili mama "apumzishe" ziwa: maziwa ya kopo ya kawaida yametengenezwa kwa maziwa yale yale ya ng'ombe. Mwache mtoto anyonye, pesa hiyo nunua dagaa.