SOMO: KUPUNGUZA VIPIMO VYA MTETEMO

Tuseme kifaa kinapima mtetemo wa mashine mara 8,000 kwa sekunde, na fundi anataka vipimo 2,000 tu. Katika kila vinne anabakiza kimoja. Vipimo 2,000 huonyesha sawasawa mitetemo iliyo chini ya nusu yake, yaani 1,000 kwa sekunde. Inayozidi hapo haipotei, bali hujikunja ikarudi chini kwa sura ya uongo.

Gia ya meno 68 ikizunguka mara 25 kwa sekunde, mgongano wa meno ni 1,700. Fundi ataona 300, maana 2,000 kutoa 1,700 ni 300, naye atafungua beringi bure. Akiongeza mwendo hadi mizunguko 26, mgongano ni 1,768, lakini picha inashuka hadi 232. Hapo uongo umejitambulisha.

Ndiyo maana chujio hutangulia, likazuia yanayozidi 1,000 kabla ya vipimo kutupwa. Likifuata baadaye halifai kitu: 300 ya kweli na ya uongo zimekwisha changanyika. Nalo halikati kama kisu, hivyo lianze kupunguza tangu 800 hivi.

Bila chujio, robo nne za picha ya zamani hulaliana. Likiwapo, robo ya kwanza peke yake hutanuka na kujaza picha mpya.