Meseji imeingia, pesa haijaingia

Shangazi,

Mimi nauza mchele hapa Nzega, nina kibanda karibu na stendi. Wiki iliyopita alinipigia mwanamume akasema ananunua chakula cha kambi ya mafundi wa barabara, anataka gunia nne za kilo mia mia. Tulikubaliana 2,200 kwa kilo, jumla 880,000. Akasema gari lake linapita, hawezi kusimama, atamtuma kijana wa bajaji aje kuchukua. Bajaji ilipofika akanipigia tena: "Mama, nimeshatuma, angalia simu." Kweli meseji ilikuwa imeingia: "Imethibitishwa. Umepokea Tsh 880,000", na jina lake, na salio jipya Tsh 1,204,500. Huku ananihimiza, gari linaondoka. Nikapakia. Jioni nilipokwenda kwa wakala kutoa hela, nikaambiwa nina 41,300. Namba ya yule bwana haipatikani tena. Shemeji yangu anasema nimbane kijana wa bajaji anilipe. Je, ni haki? Na nitaijuaje meseji ya kweli siku nyingine?

Mama wa Mchele, Nzega

Pole sana, mwanangu. Gunia nne ni mtaji wa mtu.

Nianze na meseji yenyewe, maana jibu lilikuwa ndani yake. Kabla ya meseji ile ulikuwa na 41,300. Ungepokea 880,000, salio jipya lingesomeka 921,300. Meseji ilisema 1,204,500. Huyo tapeli aliijua namba yako, aliijua bei mliyokubaliana, na jina alijitungia mwenyewe. Kitu kimoja hakuweza kukijua: ulikuwa na shilingi ngapi kwenye simu. Ndiyo maana salio alilibahatisha, akijua kwamba muuza mchele mwenye haraka huangalia kiasi kilichotumwa, haangalii mstari wa mwisho.

Angalia pia meseji imetoka wapi. Huenda ukiifungua tena utaona juu yake namba ya kawaida ya simu, 07 au 06 na tarakimu zake. Meseji halisi ya M-Pesa huingia kwa jina la huduma, na hukaa pamoja na meseji zako za zamani za kupokea na kutoa fedha. Hata mteja akituma kutoka mtandao mwingine, anayekujulisha ni mtandao wako wewe. Lakini usiishie hapo. Wapo wanaoiga hata jina, na kwenye simu janja mtu akishika simu yako dakika moja anaweza kuihifadhi namba yake kwa jina la huduma. Jina likiwa geni, kataa. Likiwa sahihi, bado hujamaliza kazi.

Kazi inaisha kwenye salio. Meseji ni taarifa tu, na taarifa mtu yeyote anaweza kuiandika. Salio linatoka kwenye mtambo wa kampuni ya simu, na mteja hana mkono humo. Kwa hiyo mteja akisema ametuma, piga mwenyewe menyu ya mtandao wako. Kwa M-Pesa ni:

```
*150*00#
```

Mixx by Yas, ile tuliyoizoea kwa jina la Tigo Pesa, ni `*150*01#`, na Airtel Money ni `*150*60#`. Ingia sehemu ya akaunti, chagua kuangalia salio, weka namba yako ya siri. Usibonyeze kiungo alichokutumia mteja, na usimpe simu akusaidie kuangalia. Kama una laini mbili, angalia ile uliyompa. Kama umempa Lipa Namba, angalia salio la Lipa Namba, kwa sababu fedha hiyo haiingii kwenye akaunti yako binafsi.

Ili hesabu ikubali, ujue salio lako kabla mteja hajatuma. Mkishakubaliana bei, angalia salio na uliandike kwenye daftari: 41,300. Akisema ametuma, angalia tena. Ukiona 921,300, pakia. Ukiona bado 41,300, mzigo ukae, hata kama simu yako ina meseji kumi. Kuna siku mtandao unasumbua, fedha inaingia na meseji inachelewa. Siku hiyo pia salio ndilo litakalokuambia ukweli, na hutamkosea mteja mwema.

Mteja akikuonyesha simu yake imeandikwa "Umetuma", au picha ya skrini ya benki, mjibu kwa heshima kwamba unasubiri upande wako. Picha huhaririwa, na meseji ya kweli inaweza kuwa ya malipo aliyomtumia mtu mwingine.

Sasa ile haraka. Nzega ni njia panda. Magari ya Singida, Tabora, Kahama na Mwanza yote yanapita hapo, na mteja ambaye hasimami ni jambo la kila siku. Tapeli anaijua stendi yako kama unavyoijua wewe, ndiyo maana anakuja na gari linaloondoka. Kuangalia salio hakuchukui hata muda wa kufunga turubai. Mtu asiyeweza kusubiri hapo kwa mzigo wa 880,000, muache aende.

Ukiwa hupo na mtu mwingine anakuuzia, asiachie mzigo kwa meseji iliyoingia kwake wala kwa simu ya mtu anayesema "mama ameshapokea". Akupigie yeye kwenye namba yako anayoijua, wewe uangalie salio, ndipo umwambie atoe.

Kuhusu kijana wa bajaji: hapana, usimbane akulipe. Kubeba mzigo wa mtu aliyemkodi kwa simu si ushahidi kwamba walikula njama, na kama walikula, hilo ni la polisi kuthibitisha, si la shemeji. Zaidi ya hayo, kijana huyo ndiye shahidi wako mkubwa. Anajua alishusha wapi, nani alipokea, gari la aina gani lilipakia, na nani alimlipa nauli. Ukimtisha atakimbia, na habari zote hizo zitaondoka naye. Mwombe mwende wote kituoni leo, kabla hajasahau.

Usiifute meseji. Mpe polisi namba iliyoituma na namba aliyokupigia, pamoja na saa ya kila simu, kisha uchukue namba ya RB. Kughushi ujumbe wa namna hii ili kujipatia mali kunaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni deni la kibiashara mkamalizane wenyewe. Pia itume meseji hiyo kwenda 15040, namba ambayo TCRA imeitenga kwa ajili ya meseji za kitapeli, halafu ufuate maelekezo utakayopata. Toa taarifa pia kwa huduma kwa wateja ya mtandao wako kwa kupiga 100.

Nikuambie ukweli: kampuni ya simu haitakurudishia 880,000, kwa sababu fedha hiyo haikuwahi kutumwa. Hakuna muamala wa kuurudisha. Kilichoibwa ni mchele, na mchele hutafutwa kwa kufuata gari na maghala. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, lakini matapeli wengi hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine, kwa hiyo namba peke yake huenda isiwafikishe polisi kwa mhusika. Maelezo ya kijana wa bajaji yanaweza kuwafikisha mbali zaidi.

Kisha andika kwa maandishi makubwa ubandike kibandani: "Mzigo hutoka baada ya salio kuonekana." Wateja wako wa kweli hawatachukia, kwa sababu nao wanauza vitu vyao kwingine. Na uwasimulie majirani wa stendi namba ile na mtindo ule leo hii, maana aliyefanikiwa kwako atajaribu na kibanda cha pili.