Homa Imeshuka, Bandama Bado

Mdogo wangu, najua unasoma hapa huku viatu vya mpira umeshavitoa uvunguni. Homa imekwisha, koo linapitisha chakula, timu ya shule inajiandaa kwa UMISSETA na mama peke yake ndiye anayekuzuia. Hebu kaa hapa pembeni tuongee kidogo. Siku ninayoihofia mimi si ile uliyolala hoi, ni hii ya leo unayojiona mzima.

Turudi nyuma kidogo. Tuseme ni kijana wa kidato cha tatu, kwao Chome huko juu, shule anasoma Same mjini. Siku za mwanzo analegea tu. Anasinzia darasani, anaacha chakula, wenzake wanasema ni uvivu. Angekuwa msichana, shangazi angeshaanza kumkodolea tumbo, na hilo jamani tuliache, si kila binti aliyechoka ana mimba. Baadaye homa inapanda, koo linauma hata mate hayamezeki, mafindofindo yamevimba na kufunikwa utando mweupe. Mitoki imetoka shingoni pande zote mbili, mpaka kule nyuma chini ya kisogo. Analala usiku kucha na kuamka amechoka kama hajalala.

Kwa dalili hizo, cha kwanza ni kupima malaria. Usiniambie wewe ni mtu wa milimani. Ukishalala tambarare, mbu hakuulizi kwenu ni wapi. Wazee wa Same wanajua ukanda huu ulivyosumbuliwa, hata katika miaka ya 1950 ukawekwa mpango mzima wa malaria wa Pare na Taveta, nyumba zikawa zinapuliziwa dawa ndani. Kwa hiyo pima kabla ya kukisia.

Malaria ikiwa haipo, mganga wa zahanati atakuangalia koo vizuri, maana kuna koo la bakteria linalohitaji antibayotiki hasa, na likipuuzwa linaweza kuja kuharibu moyo. Lakini uchovu wa kupitiliza, mitoki hadi nyuma ya shingo na koo lisilopoa kwa wiki nzima vikikutana kwa kijana wa umri wako, atafikiria pia homa ya tezi. Huletwa na kirusi kiitwacho Epstein-Barr, kilichoonekana mara ya kwanza mwaka 1964 huko London, katika uvimbe wa wagonjwa waliotoka hapo jirani Uganda. Kwetu watu wengi hukipata wakiwa wadogo sana, kwa kijiko cha pamoja au chakula alichotafuna mama, wala hakuna anayegundua. Aliyekikosa utotoni akija kukipata ujanani ndiye huanguka kitandani. Kinapita kwenye mate, na kuanzia kukipokea hadi kuugua huweza kupita wiki nne hadi sita. Kwa hiyo mama, usianze kumhoji binti amembusu nani. Kikombe kimoja cha bweni kinatosha.

Kuna kipimo cha damu cha homa hii, ila usishangae zahanati ikiwa haina, na hata kikiwepo, wiki ya kwanza kinaweza kusema hakuna kumbe ipo. Ukiambiwa upime na virusi vya UKIMWI, usinune. Maambukizi mapya ya UKIMWI nayo huja na homa, koo na mitoki hivihivi, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa dawa. Mnapenda njia ya mkato, mnakwenda duka la dawa kununua amoksilini au ampiklox. Antibayotiki haiui kirusi. Tena mwenye homa ya tezi akimeza jamii hiyo ya dawa, mara nyingi hutokwa na vipele vyekundu mwili mzima, halafu nyumba nzima inaingia hofu kwamba karogwa. Na kimeo, nakusihi, mtu asikukate kimeo kwa ajili ya koo hili. Utabaki na kidonda, damu na homa yako palepale. Kinachofaa ni panadol ya kupunguza homa na maumivu kwa kipimo cha umri wako, maji mengi na kusukutua koo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16. Makande yasubiri, kunywa uji kwanza.

Tufike sasa kwenye mpira. Chini ya mbavu zako za kushoto kuna bandama. Siku zote imejificha humo, mbavu zinaikinga. Homa ya tezi huivimbisha, ikatokeza chini ya mbavu na kuwa laini iliyojaa damu, kama papai lililoiva kupita kiasi. Goti la beki likikupata hapo inaweza kupasuka, na damu ikamwagikia tumboni bila tone moja kuonekana nje. Hutokea kwa nadra, sikutishi, lakini anayepatwa anaweza kufa siku hiyohiyo. Mara nyingi hutokea ndani ya wiki tatu za mwanzo, na wakati mwingine bila hata kugongwa.

Sasa piga hesabu na mimi. Ulianza kuugua tarehe mosi. Tarehe 14 homa imeshuka na unacheka na wenzako. Bandama haijui kama umecheka. Bado imevimba, na wewe ndiyo kwanza unataka kuruka kichwa. Hesabu angalau wiki nne tangu siku ulipoanza kuugua, si tangu ulipopata nafuu, kisha urudi kwa daktari akupime tumbo kabla ya kugusa mpira. Akiona bandama bado inaguswa, utasubiri zaidi, hata wiki nane. Na usijibonyezebonyeze mwenyewe kutafuta kama ipo.

Wala usidhani mpira tu ndio wenye hatari. Mieleka ya bwenini, gunia la mahindi begani, ndoo ya maji ya lita 20, bodaboda inayoruka mashimo kupanda mlimani, vyote viache kwa muda huo. Kutembea taratibu ruksa. Kama mwalimu wa michezo haamini, mwombe daktari akuandikie barua.

Ukisikia maumivu makali ghafla chini ya mbavu za kushoto, au bega la kushoto linauma bila sababu, ukatoka jasho jembamba na kuona kizunguzungu, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Ni Hospitali ya Wilaya ya Same usiku huohuo, na uwaambie mapema kuwa unaugua homa ya tezi. Vilevile nenda mbio ukishindwa kumeza hata maji, pumzi ikiwa inakwama kooni, au macho yakiwa ya manjano.

Uchovu ndio utakaobaki nyuma. Wengine huwaishia ndani ya mwezi, wengine unawavuta miezi miwili mitatu, na wanaambiwa wanajidekeza. Wazazi, mpunguzieni kazi. Mwacheni asome saa moja, alale, asome tena. Nawe mdogo wangu, usitumie ruhusa hiyo kukesha na simu. Kikombe, kijiko na mswaki viwe vyako peke yako, ingawa huna haja ya kutengwa chumba. Na mitoki ikiwa bado ipo baada ya wiki sita, au mmoja unazidi kukua, huku unakonda na kutoka jasho usiku, rudi hospitali. Hapo daktari atatafuta mambo mengine, kifua kikuu cha tezi kikiwemo.