Jinsi ya Kutoa Sahihi Kwenye Karatasi na Kuiweka Kwenye Barua

Wakazi wengi hubandika picha ya sahihi kwenye barua, kisha kisanduku cheupe au kijivu hufunika mstari na maandishi. Tuchukue mfano wa katibu wa kikundi cha akina mama mjini Kitengela anayetuma barua za mwaliko kwa wanachama walioko Kajiado na Namanga.

Kwanza, atie sahihi kwa kalamu nyeusi au ya buluu iliyokolea kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari. Muhuri wa kikundi aupige kando, usiguse sahihi wala maandishi. Wino ukipandana na mwingine, ni vigumu sana kuutenganisha baadaye.

Pili, apige skani kwa rangi, kwa kipimo cha 300 dpi. Sahihi yenye upana wa sentimita 5 itakuwa na pikseli 590 hivi, na hiyo inatosha kuchapishwa vizuri.

Tatu, aifungue katika GIMP, programu isiyolipiwa, akate sehemu ya sahihi pekee, kisha afuate hatua hizi:

1. Achague `Colors > Levels`, achukue kidonea cha nukta nyeupe na kubofya karatasi tupu. Karatasi ikionekana nyeupe kwa macho, kwenye skani mara nyingi huwa ya kijivu kidogo. Hatua hii huondoa ukungu huo.
2. Achague `Colors > Color to Alpha`, rangi iwe nyeupe. Miraba midogo ya kijivu ikionekana nyuma ya wino, karatasi imeondoka.
3. Achague `File > Export As` na kuipa faili jina linaloishia kwa `.png`. Asitumie `.jpg`, kwa kuwa aina hiyo haihifadhi uwazi na kisanduku kitarudi.

Ili kuhakiki, aiweke faili juu ya ukurasa wa rangi ya manjano. Kivuli kikionekana kuzunguka wino, arudie hatua ya kwanza.

Tahadhari: yeyote atakayepata faili hiyo anaweza kuibandika kwenye barua yoyote. Picha peke yake haithibitishi aliyetia sahihi, wala haionyeshi kama barua ilibadilishwa baadaye. Kwa mkataba wa shamba au mkopo, tia sahihi kwa mkono mbele ya mashahidi. Ukitumia kompyuta ya saiba, futa skani na PNG, toka kwenye barua pepe yako, kisha umwage `Recycle Bin` kabla ya kuondoka.

Usitoe kamwe muhuri wa chifu, shule au afisi ya serikali kwenye barua uliyopewa ili kuuweka kwenye nyingine. Kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kudanganya ni kosa la kughushi chini ya kifungu cha 345 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Ukihitaji barua yenye muhuri huo, iombe katika afisi husika.